Bia tatu Ijumaa, mvinyo kila jioni: je, kuna kiwango salama?

Swali

Habari za kazi, daktari. Nina miaka 46, naishi Moshi. Baba yangu mdogo alifariki mwaka jana kwa saratani ya koo la chakula. Alikunywa gongo na mbege miaka mingi na alivuta sigara. Mimi si mlevi. Ninakunywa bia tatu Ijumaa na tatu Jumamosi, na mwisho wa mwezi tukikutana na wenzangu namaliza chupa ndogo ya pombe kali, ile ya mililita 250. Sigara sivuti. Mke wangu ana miaka 43, bia hagusi kabisa. Anakunywa glasi moja ya mvinyo mwekundu kila jioni kwa sababu alisikia unasaidia moyo. Juzi binti yetu anayesomea uuguzi ametuambia hakuna kiwango salama cha pombe. Naona hilo limezidi. Bia ya kiwandani imepimwa, haifanani na gongo. Je, anachosema ni kweli? Na kama ni kweli, hatari yetu ni kubwa kiasi gani?

Baba Neema, Moshi

Jibu

Baba Neema, pole sana kwa kuondokewa na baba mdogo. Kwa upande wa saratani, binti yenu yuko sahihi. Ila kauli yake haina maana kwamba glasi moja itakuua, wala kwamba wewe na marehemu mlikuwa katika hatari sawa. Ili kuielewa vizuri tuanze na hesabu ndogo, kwa sababu wanywaji wengi huhesabu chupa na glasi, ilhali mwili unahesabu gramu za ethanoli, yaani pombe yenyewe iliyomo ndani ya kinywaji.

Chukua mililita za kinywaji, zidisha kwa asilimia ya pombe iliyoandikwa kwenye lebo, kisha zidisha kwa 0.789, ambao ni uzito wa mililita moja ya ethanoli kwa gramu. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25 za ethanoli, sawa na gramu 20 hivi. Bia zako sita za wiki zinakupa karibu gramu 118. Ile chupa ya mililita 250, kama lebo inasema asilimia 35, ina gramu 69, yaani bia tatu na nusu zilizobanwa ndani ya chupa inayoingia mfukoni. Ukiigawa kwa wiki nne za mwezi, wastani wako unafika gramu 135 kwa wiki, au 19 kwa siku.

Sasa mwangalie mke wako. Glasi ya mvinyo ya mililita 150 yenye asilimia 12 ina gramu 14. Jioni saba ni gramu 99. Bia hagusi, na kila mtu angesema mama huyu anakunywa kidogo tu, lakini wiki ikiisha anakuwa ameingiza mwilini karibu kiasi kile kile kilichomo kwenye bia zako sita. Na hapo tumechukulia kwamba glasi ni ya mililita 150. Glasi kubwa za mvinyo za siku hizi zikijazwa nusu tu zinaweza kubeba zaidi ya hapo. Mimineni maji kwenye glasi anayotumia hadi pale anapofikishaga mvinyo, kisha muyapime kwa kikombe cha vipimo cha jikoni.

Hoja yako kuhusu bia iliyopimwa kiwandani ni ya kweli kwa jambo moja. Gongo inaweza kuwa na methanoli au uchafu mwingine, na methanoli hupofusha na kuua ndani ya siku chache. Kipimo cha kiwandani kinakukinga na hiyo. Hakikukingi na saratani, kwa sababu kinacholeta saratani ni ethanoli yenyewe, na ethanoli ni ile ile kwenye bia, mvinyo, mbege na gongo. Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani, IARC, uliopo Lyon nchini Ufaransa, uliviweka vinywaji vyenye pombe katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1988. Haukutenganisha pombe ya bei ghali na ya bei rahisi. Kundi hilo linaeleza uhakika wa ushahidi, halielezi ukubwa wa hatari. Moshi wa sigara nao umo humo, lakini haina maana kwamba bia moja ni sawa na sigara moja.

Nikueleze kinachotokea mwilini, maana hapa ndipo jibu la swali lako lilipo.

Ethanoli ikiingia mwilini inavunjwa kwa hatua mbili. Kwanza inageuzwa kuwa asetaldehaidi, kisha asetaldehaidi inageuzwa kuwa asetati, ambayo haina madhara hayo. Tatizo ni ile ya katikati. Asetaldehaidi hujishikiza kwenye DNA ya seli na kuiharibu, na inavuruga kazi ya kuikarabati. Seli ikigawanyika kabla kosa halijasahihishwa, kosa hilo linarithiwa na seli zinazofuata. Makosa mengi hayana matokeo yoyote. Machache yakiangukia kwenye jeni zinazodhibiti ukuaji wa seli, safari ya saratani inaanza, na inaweza kuchukua miaka mingi kabla ya uvimbe kuonekana.

Wengi wanadhani kazi hiyo yote inafanyika kwenye ini. Sivyo. Bakteria wanaoishi kinywani wana uwezo mzuri wa kugeuza ethanoli kuwa asetaldehaidi, lakini hawana uwezo kama huo wa kuimaliza. Kwa hiyo mtu akinywa, mate yake hubeba asetaldehaidi mara nyingi zaidi ya ile iliyomo kwenye damu yake, na kila anapomeza, mate hayo yanapita juu ya ngozi laini ya koo na umio, yaani koo la chakula. Ndiyo sababu saratani za kinywa, koo, zoloto na umio ndizo zinazopanda kwa kasi kubwa kwa wanywaji. Anayevuta sigara hutengeneza asetaldehaidi nyingi zaidi mdomoni, tena moshi wenyewe unaongeza sumu nyingine. Pombe na sigara kwa pamoja huongeza hatari ya umio kuliko ukijumlisha hatari ya kila kimoja peke yake. Marehemu alikuwa na vyote viwili. Wewe una kimoja, na hiyo ni tofauti kubwa.

Ushahidi unaonishawishi kuliko mwingine wote unatoka Asia ya Mashariki. Huko Japani, China na Korea kuna watu wengi waliozaliwa na kimeng'enya dhaifu cha hatua ya pili, ile ya kuimaliza asetaldehaidi, kinachoitwa ALDH2. Wakinywa, uso unakuwa mwekundu, moyo unakwenda mbio, na asetaldehaidi inabaki mwilini muda mrefu. Ukichukua watu wawili wanaokunywa kiasi kile kile, yule mwenye kimeng'enya dhaifu anapata saratani ya umio kwa uwezekano mkubwa zaidi. Pombe ni ile ile, kilichobadilika ni muda ambao asetaldehaidi inakaa mwilini. Ni vigumu kupata jaribio la asili lililo wazi kuliko hilo. Kwetu Afrika kasoro hiyo ni nadra sana, kwa hiyo kukosa dalili hizo usikuchukulie kama kinga. Njia ya sumu ni ile ile, tofauti ni kwamba sisi tunaisafisha haraka zaidi.

Sasa tufike kwenye neno "salama". Shirika la Afya Duniani lilitoa tamko Januari 2023 kwamba kwa upande wa saratani hakuna kiwango cha pombe kinachojulikana ambacho chini yake hatari haipo. Sababu yake ni hiyo niliyoeleza. Kinywaji kidogo hutengeneza asetaldehaidi kidogo, na kidogo hicho kinaweza kugusa DNA. Watafiti wanapochora mstari wa hatari dhidi ya gramu za pombe, mstari unapanda tangu gramu za mwanzo, hasa kwa saratani ya umio na ya matiti. Hauanzi kwa kulala sifuri mpaka bia ya pili ndipo uinuke. Hicho ndicho wanachomaanisha. Kusema "hakuna kiwango salama kabisa" si sawa na kusema "kila kiwango ni hatari sawa". Mtu anayekunywa bia moja kwenye harusi mara mbili kwa mwaka yuko karibu sana na asiyekunywa.

Ukubwa wa hatari yako basi. Uchambuzi mkubwa uliounganisha tafiti nyingi za dunia na kuchapishwa mwaka 2015 ulipata kwamba wanywaji wa hadi gramu 12.5 kwa siku walikuwa na hatari ya saratani ya umio, ile ya aina inayotusumbua zaidi huku kwetu, kubwa kwa takriban robo kuliko wasiokunywa. Wenye kati ya hapo na gramu 50 walikuwa na hatari zaidi ya mara mbili. Waliozidi 50 ilikuwa karibu mara tano. Wewe na gramu zako 19 uko sehemu ya chini ya kundi la katikati. Chukulia kwamba hatari yako iko mahali fulani kati ya robo zaidi na mara mbili, na usitafute tarakimu kamili zaidi ya hiyo, kwa sababu wastani unaficha jambo: zako haziji 19 kila siku, zinakuja 60 Ijumaa na 60 Jumamosi.

Kwa mtu wa Kilimanjaro uwiano huo una uzito kuliko ungekuwa nao kwa mtu wa sehemu ambako ugonjwa huu ni nadra. Mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia kushuka hadi Afrika Kusini, kuna ukanda wenye saratani ya umio kwa wingi usio wa kawaida. Utafiti ulioongozwa na IARC na kufanyika Eldoret, Malawi na hapo hapo Moshi uliitaja pombe kuwa miongoni mwa visababishi vikubwa kwa Kenya na Tanzania. Pombe haielezi kila kitu. Wapo wagonjwa wasiowahi kunywa. Chai na vyakula vya moto sana vinashukiwa pia, na vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 viliwekwa na IARC mwaka 2016 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio. Ukizoea kuteremshia supu ya moto inayounguza baada ya bia, unaiongezea ngozi ya umio jeraha la pili usiku ule ule. Iache ipoe kwanza.

Kwa mama Neema wasiwasi wangu uko kwenye matiti zaidi kuliko umio. Pombe hupandisha kiwango cha estrojeni kwenye damu, na seli nyingi za saratani ya matiti hukua kwa kuchochewa na homoni hiyo. Hapa kiasi kidogo kinahesabika. Mwongozo wa Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani uliotolewa Januari 2025 uliweka jambo hili kwa namna inayoeleweka: katika wanawake 100 wanaokunywa chini ya kinywaji kimoja kwa wiki, takriban 11 watapata saratani ya matiti maishani. Wakinywa kimoja kwa siku, kinywaji chenye gramu 14, ambacho ndicho hasa anachokunywa mke wako, wanakuwa 13. Wakinywa viwili kwa siku wanafika 15. Takwimu hizo ni za wanawake wa nchi tajiri, ambako saratani ya matiti hutokea mara nyingi zaidi kuliko kwetu, kwa hiyo hapa idadi zote zingekuwa chini ya hizo. Lakini kupanda kwake ni kwa namna hiyo hiyo.

Utaona kwamba katika wanawake hao 100 walio wengi hawatapata ugonjwa huo, wanywe wasinywe. Wawili ndio walioongezeka. Kwa mwanamke mmoja huo unaweza kuonekana mchango mdogo, na ana haki ya kuupima mwenyewe akijua ukweli wake. Nisichokubali ni yeye kuunywa kama dawa.

Hilo la moyo lilianzia kwenye tafiti zilizoonyesha wanywaji wa kiasi wakiishi muda mrefu kuliko wasiokunywa. Zilipochunguzwa vizuri, kundi la "wasiokunywa" lilikutwa na watu wengi waliokuwa wakinywa zamani wakaacha kwa sababu ya ugonjwa. Ukiwalinganisha na wagonjwa, wanywaji wataonekana wazima. Pia wanaokunywa kidogo mara nyingi wana kipato kizuri zaidi na huduma bora za afya. Mabishano bado yapo: ripoti ya akademia za sayansi za Marekani ya Desemba 2024 bado ilikuta vifo vichache kwa wanywaji wa kiasi, lakini ripoti hiyo hiyo ikakuta saratani ya matiti ikiwa juu kwao. Kwa hiyo hata akiamini upande wa moyo, titi halipati nafuu yoyote. Moyo una njia zilizo wazi zaidi: kupima presha, kupunguza chumvi, kutembea. Hizo hazina gharama ya saratani nyuma yake.

Ningekuwa mimi ndiye nawashauri kwa karibu, ningeanza na ile chupa ya mwisho wa mwezi. Gramu 69 kwa usiku mmoja, tena kwa kilevi cha asilimia 35 kinachopita umioni bila kuchanganywa na maji, ndiyo sehemu mbaya zaidi ya ratiba yako na ndiyo rahisi kuikata kwa sababu inakuja mara moja tu. Kisha shuka hadi bia mbili Ijumaa na mbili Jumamosi, uende kwenye moja moja, ukichagua iliyo chini ya asilimia 5. Bia moja Ijumaa na moja Jumamosi ni gramu 40 kwa wiki. Mwongozo wa Kanada wa mwaka 2023 unaita vinywaji viwili vya gramu 13.5 kwa wiki kuwa hatari ndogo, yaani gramu 27. Uingereza inaruhusu hadi gramu 112. Umeona jinsi nchi zinavyotofautiana? Wote wanasoma ushahidi ule ule, ila kila nchi imeamua ni hatari kiasi gani inaweza kuvumiliwa. Saratani yenyewe haijui mpaka huo.

Mama Neema asipotaka kuacha kabisa, jioni mbili kwa wiki badala ya saba zitamshusha kutoka gramu 99 hadi 28. Kuhesabu siku bila pombe ni rahisi kuliko kupunguza kila glasi, maana mkono unaomimina huwa na tabia ya kujisahau.

Kupunguza kunasaidia kweli. Mwaka 2023 IARC ilihitimisha kwamba kuacha au kupunguza pombe kunashusha hatari ya saratani za kinywa na umio. Kwa matiti, utumbo mkubwa na nyinginezo ushahidi wa kushuka bado haujakamilika, ingawa kuna sababu za kimaumbile za kuutegemea. Kushuka huko ni kwa miaka, si wiki. Kupiga mswaki na kutibu meno kunapunguza bakteria kinywani, nami nakuhimiza uvifanye, lakini usivichukulie kama kibali cha kuongeza chupa.

Kuna ndugu au marafiki zako watakaosoma barua hii na ambao wanakunywa kila siku tangu asubuhi. Hao wasikatize ghafla nyumbani. Wakianza kutetemeka, kutoka jasho jingi, kuona vitu visivyokuwepo au kupata degedege, ni dharura ya hospitali. Wapangiwe kupunguza chini ya daktari.

Mwisho, kuhusu umio wako. Hakuna kipimo cha kawaida cha kuwachunguza watu wasio na dalili kwa saratani hii, kwa hiyo dalili ndizo macho yetu. Inaanza kwa nyama au ugali mgumu kukwama kifuani, mtu anajikuta anashushia kila tonge kwa maji. Baadaye anahamia kwenye uji, kisha hata maji yanagoma. Wagonjwa wengi hufika wakati wa uji, na hapo matibabu yanakuwa magumu. Chakula kikikwama zaidi ya wiki mbili, au uzito ukipungua bila sababu, au sauti ikikauka bila mafua, nenda hospitali ya KCMC ukaombe kipimo cha kamera ya umio, usikubali kuandikiwa dawa za vidonda vya tumbo mwezi baada ya mwezi. Umtaje baba mdogo, gramu zako za wiki, na miaka uliyokunywa. Mke wako naye akigusa uvimbe kwenye titi au kwapani, au akiona ngozi ya titi imebonyea au chuchu imeingia ndani ghafla, asisubiri hedhi ipite zaidi ya mara moja kabla ya kupimwa.